Dakika Kumi Kando ya Kitanda: Muswada wa Video ya Kumkagua Shoga Mgonjwa

Tulikuwa wanawake tisa. Tulitoka chuoni baada ya laasiri, hapa kwetu Pemba, tukaenda kumkagua mwenzetu aliyepasuliwa tumbo. Tukamzunguka kitandani, tukainua mikono, na mkubwa wetu akaomba dua ndefu nzuri, sisi tukiitikia amini. Mimi nilikuwa upande wa miguuni. Nikaona vidole vyake vimeshika shuka, vinaikunja na kuikunjua, na midomo kaibana. Nikadhani anasikia dua imemwingia. Tulipoondoka, mdogo wake akatwambia mlangoni: alikuwa amebanwa na haja ndogo tangu tunaingia, akaona haya kumwita muuguzi mbele ya watu waliokuja kumuombea.

Dua haikuwa na kosa, kosa lilikuwa letu. Hatukumuuliza kitu hata kimoja, na tulikuwa wengi mno kwake kusema lolote. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafundisha wasichana wa chuoni namna ya kumkagua mgonjwa, na mwaka huu tumeamua kulifanya somo hilo video ya dakika 6 na kidogo, ya kuwatumia watu kwa simu kabla hawajatoka majumbani. Huu hapa muswada wake, onesho kwa onesho, pamoja na sababu ya kila kitu kuwekwa pale kilipo. Atakaye kuurikodi na wenzake aurikodi.

Tuchague mgonjwa mmoja

Video inayosema "mgonjwa" kwa jumla haimfundishi mtu kitu, kwa sababu mwenye homa, mwenye mguu uliovunjika na aliyejifungua kila mmoja ana lake. Sisi tumechagua huyu: mwanamke wa makamo, siku ya pili baada ya kupasuliwa tumbo, bado ana dripu mkononi, hajaruhusiwa kula. Mgeni wake ni shoga yake wa tangu utotoni. Hatukuwapa majina. Kwenye muswada wanaitana "shoga" tu, kama watu wanavyoitana.

Tumemchagua aliyepasuliwa tumbo kwa sababu mwili wake unamwonyesha mgeni makosa papo hapo. Akicheka, mshono unauma. Akikohoa, unauma. Mtu akikaa kwenye kitanda godoro linabonyea, naye anavuta pumzi kwa meno. Mtazamaji akishaona hilo mara moja, halihitaji maelezo.

Onesho la kwanza: nyumbani, kabla ya kutoka (sekunde 50)

PICHA: Mgeni amekaa barazani, simu sikioni. Pembeni kuna kikapu.

MGENI: Assalaamu alaykum, wifi. Nataka kuja kumtizama shoga yangu leo alaasiri. Anapenda kuonwa na watu, au bado?

SAUTI YA SIMU: Waalaykumu ssalaam. Njoo, lakini peke yako. Jana walikuja wengi, usiku hakulala.

MGENI: Chakula je, nimpikie uji?

SAUTI YA SIMU: Daktari hajamruhusu. Hata maji tunampaka midomoni tu.

Simu hii ndiyo kazi yote ya onesho hili. Kwetu mtu anaona haya kwenda mikono mitupu, kwa hiyo hujaza hotipoti supu ya kuku au uji wa pilipili manga, akafika nao kwa mtu ambaye matumbo yake bado hayajarudi kazini. Mgonjwa ananusa, anatamani, au tumbo linamchafuka. Kwenye picha mgeni anatazama kikapu, anatoa hotipoti, anatia kanga safi na kitambaa kidogo cha uso. Kikapu hakikwenda kitupu.

Hapa pia tumeweka picha fupi ya mgeni akirudisha chupa ya mafuta ya udi mahali pake bila kujipaka. Aliyetoka kupigwa dawa ya usingizi huchafukwa haraka na harufu kali, hata ikiwa nzuri. Na kama mgeni ana mafua au kikohozi, haendi. Atume ujumbe wa sauti, na dua aombe huko huko aliko.

Onesho la pili: mlangoni na kwenye kiti (sekunde 40)

PICHA: Mgeni anaosha mikono kwa sabuni. Anazima sauti ya simu, anaitia mkobani. Anasimama nje ya pazia.

MGENI (kwa sauti ya chini): Hodi, shoga. Mimi hapa. Niingie?

MGONJWA: Karibu.

PICHA: Mgeni anaingia, anasimama pale mgonjwa anapoweza kumwona bila kugeuza shingo. Anavuta kiti cha plastiki kwa kukiinua, si kwa kukiburura. Anakaa. Macho yao yako sawasawa.

Usilirukie hilo la kiti. Aliyelala chali akisimamiwa na mtu huwa anatazama tundu za pua na dari. Ukikaa, uso wako unashuka kwenye uso wake, na sauti nayo inashuka yenyewe. Kama hakuna kiti, chutama kidogo au simama upande wa kichwani umeinama. Kitandani usikae, hata akikwambia "kaa hapa, shoga". Anakwambia kwa ukarimu, na mshono ndio utakaolipa.

Na hodi ile ya nje ya pazia ina maana yake. Yuko mtu mle ndani mwenye nguo ya hospitali iliyofungwa kwa nyuma, pengine hana mtandio. Mpe nafasi ajifunike kwanza.

Onesho la tatu: maneno ya mwanzo (dakika 1 na nusu)

Hapa ndipo tulipopata taabu kubwa kuandika. Mwanzo tulimwandikia mgeni maneno mengi mazuri. Tulipoyasoma kwa sauti tukaona mgonjwa hana pa kuingia, ndiyo ile dua yetu ya watu tisa tena. Tukakata zaidi ya nusu.

MGENI: Assalaamu alaykum, shoga yangu. Ugua pole.

MGONJWA: Waalaykumu ssalaam. Nshapoa.

MGENI: Usiku umelalaje?

MGONJWA: Alhamdulillahi.

PICHA: Mgeni hasemi kitu. Anamtazama kwa upole. Hesabu moyoni mpaka kumi, kamera isiondoke.

MGONJWA: Sikulala, shoga. Kila nikijigeuza naona kama tumbo litafunguka.

MGENI: Unaogopa mshono usije ukafunguka.

MGONJWA: Naogopa. Sijamwambia mtu.

"Alhamdulillahi" yetu ina adabu mbili ndani yake. Moja ni shukurani ya kweli, na nyingine ni pazia. Mgonjwa anakujibu hivyo kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na hajui kama unataka kusikia zaidi. Ukiidaka ukasema "Enhe, alhamdulillahi, basi vizuri," mazungumzo yamekwisha hapo na yeye kabaki na hofu yake. Ukinyamaza kidogo huku umekaa, umetulia, anajua kuwa umekuja kusikia. Wasichana wangu walilalamika kuwa kimya cha hesabu kumi ni kirefu mno kwenye video. Nikawaambia ndiyo, ni kirefu, na atakayekitazama atakijua kitandani.

Tazama na jibu la mgeni. Hakusema "usiogope". Alilirudisha neno la mgonjwa mwenyewe, kwa upole, kuonyesha limefika. Mtu akikwambia anaogopa ukamjibu "usiogope", umemwambia aifiche tu. Baada ya hapo mgeni ana jambo la kufanya lenye maana:

MGENI: Nimwambie muuguzi akija, akuonyeshe namna ya kujigeuza?

MGONJWA: Mwambie.

Wauguzi wanajua hili vizuri: aliyepasuliwa tumbo akitaka kukohoa au kujigeuza hushika mto na kuukandamiza kidogo juu ya tumbo, mshono ukapata pa kuegemea. Muuguzi ndiye atakayemwonyesha, si mgeni. Kazi ya mgeni ni kulifikisha lile neno ambalo mgonjwa hakuthubutu kulisema mwenyewe.

Onesho la nne: yale yasiyosemwa (sekunde 40)

Hili ni fupi. Mgeni mwingine anaonekana kwa mgongo tu, uso hauonyeshwi, na sauti inasema sentensi moja moja. Baada ya kila moja kamera inakwenda kwenye mkono wa mgonjwa juu ya shuka.

"Masikini, umekonda!" Mkono unavuta shuka juu.

"Binamu yangu alipasuliwa hivi hivi, hakumaliza wiki." Mkono unakamata shuka.

"Ungewahi kuja hospitali." Mkono unajificha.

"Kesho tu utakuwa nyumbani, wallahi." Mkono umelala, haukutikisika.

Hii ya mwisho watu wengi hawaioni kuwa kosa, kwa sababu ni neno la matumaini. Lakini umemuapia kitu usichokuwa nacho. Kesho ikifika na yeye bado yupo wadini, ama atadhani amezidiwa, ama ataacha kukuamini. Sema "inshaallah" na uiseme kwa maana yake.

Liko na la "ni mtihani, subiri". Neno la kweli, hakuna anayebisha. Tatizo ni wakati wake. Likija mwanzo, kabla hujamsikiliza, linakuwa kama mlango umefungwa usoni pake. Mgonjwa akilitamka mwenyewe, "shoga, ni mtihani huu," hapo mjibu "ni mtihani kweli, Mungu akupe subira," na litamfaa.

Onesho la tano: dua (dakika 1 na nusu)

PICHA: Mgeni anasogeza kiti karibu kidogo.

MGENI: Shoga, nikuombee dua fupi, au sasa hivi unataka kupumzika?

MGONJWA: Niombee.

MGENI: Una haja yoyote kwanza? Maji ya kupaka midomo, chombo?

MGONJWA: La, niko sawa. Niombee.

Maswali mawili hayo ndiyo yaliyokosekana siku ile. La pili nimelitia kwa mkono wangu mwenyewe, na mtu asilikate.

PICHA: Mgeni anaweka mkono wa kulia taratibu juu ya mkono wa mgonjwa usio na dripu.

MGENI: Laa ba-sa, twahuurun inshaallah.

Hakuna ubaya, ni utwaharisho, Mungu akipenda. Haya ndiyo maneno ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiyasema akiingia kwa mgonjwa, na Bukhari ameyapokea kutoka kwa Ibn Abbas. Ni maneno mafupi kabisa, hata mtoto anayashika kwa siku moja.

Kisa chenyewe kina sehemu ambayo watu huiacha, nami naipenda kuliko zote. Mtume aliyasema kwa bedui mmoja mzee aliyekuwa na homa, na yule mzee akayakataa. Akasema: utwaharisho? Hapana, hii ni homa inayomchemka mzee mkongwe, itampeleka makaburini. Mtume hakumkaripia pale wala hakumrudishia dua kwa nguvu. Alimjibu: basi ndiyo. Kwa hiyo mgonjwa wako akikwambia "wewe sema, mimi najua hali yangu," usibishane naye wala usimwambie kuwa imani yake ni ndogo. Umeshamuombea, dua imetoka. Nyamaza, kaa naye.

Halafu ndiyo dua ya pili:

MGENI: As-alullaahal-adhiim, Rabbal-arshil-adhiim, an yashfiyaki.

Namuomba Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa Arshi tukufu, akuponyeshe. Inasomwa mara 7. Imo katika Abu Daud na Tirmidhi, na ndani ya hadithi yenyewe kuna sharti: ni kwa mgonjwa ambaye ajali yake, yaani siku yake ya kufa, haijafika. Sharti hilo ndilo linalomzuia mgeni kuigeuza dua kuwa ahadi. Unaomba, na mwenye kutoa ni Yeye.

Sasa sikiliza mwisho wa neno. Kwa mwanamke ni *yashfiyaki*, kwa mwanamume ni *yashfiyaka*. Wengi tumeihifadhi kwa *ka* chuoni, tukimsomea mama mzazi tunamuomba kama mwanamume. Mungu anajua nia, lakini mgonjwa anayejua Kiarabu kidogo anasikia, na kurekebisha ni herufi moja. Kwenye video andikeni dua chini ya picha kwa herufi kubwa, na sehemu hiyo ya *ki* iwe na rangi nyingine.

Mara 7 kwa mwendo wa taratibu haifiki hata dakika moja. Soma kwa sauti ya kumfikia yeye tu, si wadi nzima. Kitanda cha pili kuna mtu anayelala, au mgonjwa aliyezidiwa. Vuta pumzi baina ya mara moja na nyingine. Ukimuona amefumba macho na mabega yameshuka, anaifuata. Ukimuona midomo imebana, macho yanakwenda mlangoni, au vidole vinakunja shuka, simama hata kama umefika ya 4, uliza: "Unataka nini, shoga?" Zilizobaki utazimaliza njiani unarudi, na ni dua vile vile.

MGENI (kwa Kiswahili): Ya Rabbi, mpe shoga yangu usingizi usiku huu, umwondolee hofu ya mshono wake, na uwabariki wanaomuuguza.

MGONJWA: Amini.

Sentensi hii ya Kiswahili isiachwe. Kiarabu kimembariki, na hii inamwambia kuwa alisikilizwa. Mgeni ameitaja hofu ile ile aliyoambiwa dakika tano nyuma. Siri haikutajwa, maradhi hayakutajwa kwa jina, hakuna cha kumtia haya mbele ya jirani wa kitanda. Jambo moja au mawili yanatosha. Ukianza kuwaombea ukoo mzima na umma wote, umemwacha kitandani ukaenda zako.

Kuhusu mkono: shoga kwa shoga, sahibu kwa sahibu, au maharimu, mshike. Asiyekuwa maharimu asiguse, akae kwenye kiti chake aombe. Na mshono hauguswi na mtu yeyote. Kama mgonjwa mwenyewe anapenda, mwambie aweke mkono wake kwenye mwili wake, kando ya mahali panapouma, aseme Bismillahi mara 3, kisha mara 7: *A'udhu billaahi wa qudratihi min sharri maa ajidu wa uhaadhir*, najikinga kwa Mungu na uwezo wake na shari ya ninachokihisi na ninachokiogopa. Muslim ameipokea kwa Uthman bin Abil-As, aliyemshitakia Mtume maumivu mwilini mwake. Inafaa kwa usiku, wageni wakishaondoka na yeye kabaki peke yake na maumivu yake. Mwandikieni kwenye kikaratasi, kwa herufi kubwa.

Na kombe? Nimeulizwa kila nilipoonyesha muswada huu. Familia nyingi zitataka aya ziandikwe kwa zafarani kwenye sahani, zioshwe kwa marashi, mgonjwa anywe. Wengine wana Zamzam. Mtu ambaye hajaruhusiwa kunywa hanywi, na kombe ni kinywaji kama maji. Akitapika, mshono unavutika, na kinachotapikwa kinaweza kuingia kwenye njia ya pumzi. Iwekeni nyumbani mpaka muuguzi aseme ameruhusiwa, na muuguzi mwambieni wazi mnachotaka kumpa. Dawa za miti ndiyo kabisa, hizo zinaweza kugombana na za hospitali.

Onesho la sita: akilia, au akisema bora afe (sekunde 30)

MGONJWA: Shoga, kwa maumivu haya bora Mungu anichukue.

PICHA: Mgeni hauondoi mkono.

MGENI: Yamekuzidi. (kimya) Niko hapa. Nimwite muuguzi akuongeze dawa ya maumivu?

Mtazamaji atangoja mgeni aseme "astaghfirullah, usikufuru". Hatukumpa maneno hayo. Ni kweli Mtume amekataza mtu kutamani mauti kwa dhara iliyompata, lakini katika hadithi hiyo hiyo amempa njia ya kusema: ewe Mola, nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na nifishe ikiwa mauti ni kheri kwangu. Kwa hiyo kwanza mwite muuguzi, maumivu yapungue. Baadaye, akitulia, msomee maana yake kwa Kiswahili. Akilia, mpe kile kitambaa cha kikapuni na usimwambie anyamaze.

Kama maneno yake ni mengine, kwamba anakusudia kujidhuru, hilo si la kulinyamazia wala la kuapia siri. Mwambie muuguzi kabla hujatoka.

Onesho la saba: kuondoka (sekunde 30)

PICHA: Mgeni anainuka kabla hajachokwa.

MGENI: Nakwenda zangu, shoga, upumzike. Mwanao kesho nitampeleka chuoni mimi, na jioni atakula kwangu. Kesho kutwa nitampigia wifi nijue uko vipi.

MGONJWA: Ahsante, shoga yangu.

MGENI: Mungu akuafu.

Dakika kumi zinatosha kwa mgonjwa wa siku ya pili. Hakuna "ukiwa na shida niambie" hapa, maana mgonjwa hatasema kamwe. Kuna mtoto, chuo, na chakula cha jioni. Mgonjwa aliyekuwa akijiuliza nani atamshughulikia mwanawe amepata usingizi hapo kuliko kwa maneno yote yaliyotangulia. Ila usiahidi usichoweza. Kama huna nafasi ya kumchukua mtoto, ahidi kufua shuka mbili, na uzifue.

Nje ya mlango, mgeni asisimame na wengine akihadithia alichokiona. Na picha ya mgonjwa haipigwi, hata ya mkono wenye dripu.

Rafiki asiyekuwa Mwislamu

Wapo jirani zetu na wafanyakazi wenzetu Wakristo, na wanalazwa kama sisi. Swali ni lile lile: "Nikuombee kwa namna yangu, au unapenda tukae tu?" Akikubali, omba kwa Kiswahili, sentensi mbili, uitaje hofu aliyokwambia. Akisema anamngoja padri au mchungaji wake, muulize kama ameshapigiwa simu. Tumeirikodi kama video ndogo ya peke yake, tukawaonyesha kwanza jirani zetu Wakristo kabla ya kuituma.

Kurikodi

Wadini tusirikodi. Hata ukiwa na ruhusa ya mgonjwa wako, kuna vitanda vingine na watu wake. Tumetumia kitanda cha nyumbani, shuka nyeupe, kanga mbili zimetundikwa kamba kuwa pazia, na mpira wa dripu tumeutengeneza kwa mrija. Simu iwe imelala kwa upana, imeegemezwa mahali palipo imara, kwa kimo cha macho ya aliyelala. Ukiiweka juu utaona kile anachokiona mgeni aliyesimama, na tumeshasema hatumtaki. Zimeni feni, na msianze karibu na adhana.

Kabla ya kuituma, muonyesheni mtu mmoja aliyewahi kulazwa kwa kupasuliwa. Sisi tulimpelekea yule mwenzetu wa siku ile. Alitazama akiwa amekaa jamvini, mpaka kwenye swali la chombo. Hapo akasimamisha video kwa kidole, akarudisha nyuma, akalisikiliza tena. Akasema neno "chombo" mgeni alitamke kwa sauti ya chini zaidi, jirani wa kitanda asisikie. Tukarikodi upya sehemu hiyo.